Somo la kufunga kwa darasa la dini mseto: anza na nani hafungi

*"Mwalimu, mi nafundisha sekondari moja ya mseto huku Kisauni. Nina Waislamu, Wakatoliki, watoto wa makanisa ya kiroho na Wahindu wawili watatu. Nimepewa kipindi cha stadi za maisha na nataka nifundishe kuhusu kufunga kwenye dini tofauti, maana Ramadhani na Kwaresima siku hizi zinagongana. Shida nikigusa tu hiyo mada, mmoja anamuuliza mwenzake 'wewe leo mbona umekula?' na darasa zima linacheka. Nilipange vipi somo, na niulize maswali gani yasiyomuaibisha mtu?"*

Mwalimu, hilo "mbona umekula" usilione dogo, mi ningelipanga somo zima kuanzia hapo hapo. Usianze na nani anafunga, anza na nani hafungi. Karibu kila dini yenye funga ina watu iliowatoa kwenye funga, na sababu zake zinajulikana, na mtoto akishazijua anaona mwenyewe kwamba yule anayekula pale kwenye benchi ana udhuru wake, na si lazima amwambie yeye ni udhuru gani.

Hebu fikiria ni kina nani hao wanaokula mchana wa Ramadhani darasani kwako. Kuna msichana wa Kiislamu aliye kwenye siku zake, na huyo si kwamba ameruhusiwa tu kula, hatakiwi kufunga kabisa, atakuja kuzilipa hizo siku baadaye. Sasa umuulize mbele ya wavulana mbona amekula atajibu nini? Ndo maana wengine wanaenda kula chooni, na wengine wanashinda na njaa ya bure ili waonekane wamefunga. Kuna mtoto mwenye sikoseli, na huku pwani hao si wachache, ambaye akishinda bila maji anaweza kuamka na maumivu ya mifupa mpaka alazwe. Kuna anayemeza dawa kwa saa maalum na hataki hata rafiki yake ajue. Halafu kuna upande wa pili ambao walimu wengi wanausahau, yule ambaye hajala kwa sababu nyumbani hamna, hajafunga, ana njaa tu, na ukimsifu kwa kufunga umemuongezea mzigo.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ya somo lako, na uitamke kwa sauti mwanzo kabisa, ni kwamba humu ndani leo hakuna mkono juu wa nani kafunga, hakuna kumtaja mtu, tunazungumza sheria na watu wa kwenye mfano. Hata lile la kwa wema, "waliofunga leo hongereni", usiseme, maana ukiwapongeza hawa tayari umeshawahesabu wale.

Sasa mpango wenyewe. Chukua vipindi viwili vya dakika 40, siku mbili tofauti, na kama ratiba inakubali viwe vya asubuhi. Mambasa alfajiri inaingia karibu saa kumi na moja na jua linazama saa kumi na mbili unusu hivi, kwa hivyo anayefunga anakaa saa kumi na tatu na zaidi bila chakula wala maji, na ile saa nane mchana kichwa chake hakina nguvu za kujadiliana, utaona wanainamisha vichwa juu ya dawati na utadhani somo ni baya kumbe ni saa. Na tafadhali usilete chakula. Kuna mipango ya masomo inazunguka huko inayosema wanafunzi waonje vyakula vya kila dini, au darasa zima lijaribu kufunga siku moja ili waone inavyokuwa. Mi naikataa yote miwili. Ya kwanza sababu iko wazi. Ya pili ni kwamba funga ni ibada yenye nia, si mazoezi, na mtoto wa dini nyingine hana sababu ya kufanyizwa ibada isiyo yake na skuli, na mzazi akija ofisini kulalamika atakuwa na haki.

Kipindi cha kwanza ni cha kadi. Andika kadi nne, ukubwa wa nusu karatasi, kila moja mfungo mmoja, na zote zijibu maswali yale yale manne: unaacha nini, kuanzia lini mpaka lini, nani hafungi, na asiyefunga anafanya nini badala yake. Gawa makundi ya watu watano sita, na hapa kuna kitu muhimu, usimpe mtoto kadi ya dini yake. Ukimpa atakuwa msemaji wa dini nzima na akikosea wenzake wa msikitini au kanisani watamkosoa mpaka ashindwe kuzungumza, lakini akisoma kadi ya jirani yake anauliza bila woga. Wapewe dakika kumi na tano kusoma, kisha kila kundi liwaeleze wengine yaliyo kwenye kadi, yale tu yaliyo kwenye kadi. Dakika tano za mwisho kila mtu aandike swali moja kwenye kikaratasi bila jina atie kwenye boksi.

Kadi ya Ramadhani iseme hivi: kuacha kula, kunywa na mengine yanayobatilisha, kuanzia alfajiri mpaka magharibi, mwezi mzima wa siku 29 au 30 kufuatana na mwandamo. Hafungi mgonjwa, msafiri, mwenye hedhi au nifasi, yaani damu ya uzazi, mzee asiyeweza, mtoto ambaye hajabaleghe, na mjamzito au anayenyonyesha akihofia. Mgonjwa akipona na msafiri akirudi watalipa siku kwa siku, na mzee au mgonjwa asiyetarajia kupona anatoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku. Usisahau kuweka mstari kwamba Mabohora wetu wa hapa mjini wanatumia kalenda ya hesabu, kwa hivyo wanaweza kuanza siku moja au mbili kabla ya tangazo la Kadhi Mkuu, maana usipoweka hilo kuna mtoto wa Kibohora ataambiwa kafunga siku si yake.

Kadi ya Kwaresima ya Kikatoliki ndiyo inayowashangaza wengi, hata Wakatoliki wenyewe. Kuna vitu viwili na watoto wanavichanganya. Kufunga kwenyewe, yaani mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifiki mlo, ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu, na kunamlazimu aliyetimiza miaka 18 mpaka anapofika 59. Kujinyima nyama ni siku hizo pamoja na Ijumaa zote za Kwaresima, na hiyo inaanzia miaka 14. Maji hayana neno, samaki halali, mayai halali. Mgonjwa hafungi, na anaweza kufanya tendo lingine la toba au huruma. Kwa hivyo mtoto wako Mkatoliki wa miaka 15 kwa sheria hajafika umri wa kufunga lakini kafika umri wa kuacha nyama Ijumaa, na ukiwaonyesha hilo utaona wanaanza kuhesabu umri wao vidoleni.

Kadi ya tatu iwe ekadashi ya Wahindu, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, kwa hivyo inakuja kama mara mbili kwa mwezi. Wengi wanaacha nafaka na jamii ya maharagwe, wanakula matunda, viazi, karanga na maziwa, wengine wanakunywa maji tu, na wachache hata maji hawagusi. Hakuna umri mmoja uliowekwa kwa wote, nyumba na desturi ya familia ndiyo inayoamua, na mgonjwa, mtoto na mzee hawabanwi. Ya nne weka mfungo wa Wabahai, siku 19 za mwezi wa Machi, jua kuchomoza mpaka kuzama bila chakula wala maji, kuanzia umri wa miaka 15 mpaka 70. Najua wengi watasema Wabahai ni wachache, lakini kadi hiyo ina faida yake kwenye kipindi cha pili, utaona. Wale wa makanisa ya kiroho usiwaache nje, waandikie mstari mrefu ubaoni: mifungo yao, kama ile ya siku 21 mwanzo wa mwaka, mara nyingi inaitishwa na mchungaji au mtu anaamua mwenyewe, kuna mkavu usio na maji na kuna wa kuacha vyakula fulani tu kama Danieli, kwa hivyo hapo jibu la nani hafungi linabadilika kanisa kwa kanisa.

Kipindi cha pili ndicho chenye nyama. Wape kisa kimoja tu wakichambue mpaka kiishe. Mi hutumia hiki, ni cha kutunga na uwaambie ni cha kutunga. Ijumaa moja ya mwanzo wa Machi, ndani ya Ramadhani, ndani ya Kwaresima na ndani ya mfungo wa Wabahai, imeangukia pia ekadashi, timu ya skuli inaenda kucheza voliboli Voi. Basi linaondoka Mambasa saa moja asubuhi, safari ni kama kilomita 150. Chakula cha mchana skuli imefunga githeri kwenye vyombo, na mwalimu wa michezo kanunua sambusa za nyama za kuongezea. Ndani ya basi kuna Mwanaisha, Kadzo, Jayesh na Nuru, wote wana miaka 15. Nani anakula nini?

Waachie dakika kumi wabishane kwenye makundi wakiwa na kadi, halafu mchukue mmoja mmoja. Kadzo ni Mkatoliki, darasa litamkimbilia kusema amefunga, warudishe kwenye kadi: ana 15, si 18, na si Jumatano ya Majivu, kwa hivyo githeri anakula anashiba, sambusa za nyama ndo anaziacha. Jayesh ni Mhindu, na yeye ni kinyume chake kabisa. Githeri ni mahindi na maharagwe, yaani nafaka na kunde kwenye sahani moja, kwa hivyo chakula cha skuli chote kimemfungia mlango ilhali mwenyewe hajakatazwa kula, angebebewa viazi vya kuchemsha na ndizi angecheza vizuri tu. Hapa ndipo watoto wanapoelewa kwamba shida ya Jayesh siku hiyo ni aliyepanga menyu, wala haina uhusiano na njaa. Nikwambie ukweli, hilo ni swali zuri pia kwa mwalimu wa michezo.

Mwanaisha ni mzito zaidi na ndipo utakaa. Kwanza umri: Uislamu haukuweka mwaka wa kalenda, umeweka kubaleghe, na kwa Mashafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ambao ndio wengi wetu huku mwambao, asiyeona dalili yoyote anahesabiwa amebaleghe akitimiza 15 kwa miaka ya mwezi mwandamo. Basi funga inamhusu. Darasa litasema ni msafiri, kilomita 150 inatosha. Ni kweli masafa yanatosha, wanazuoni wa Kishafi wanaanzia kwenye kilomita 80 na kitu. Lakini kwenye madhehebu hayo aliyeamka nyumbani hali amefunga, alfajiri ikamkuta mjini kwake, akasafiri baadaye, safari hiyo haimpi ruhusa ya kula siku ile, na basi la saa moja limeondoka alfajiri imeshapita kama saa mbili hivi. Lingetoka saa tisa usiku hesabu ingebadilika. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali wao wanaruhusu hata aliyeondoka baada ya alfajiri. Hapo watoto wa Kiislamu wenyewe watatoa macho maana wengi hawajawahi kusikia, na kutakuwa na mmoja atakwambia ustadhi wake kasema vingine, mwambie vizuri, nenda ukamuulize na utuletee sababu aliyokupa. Wewe usitoe fatwa, kazi yako ni kuonyesha kwamba sheria ina sababu na ina mjadala ndani yake. Na ongeza hili la mwisho: akizidiwa njiani mpaka akahofia afya yake anakula, halafu atalipa.

Nuru ni Mbahai, ametimiza 15 mwaka huu huu, kwa hivyo umri umemfikia, na wao pia wana udhuru wa safari ila hawapimi kilomita, wanapima saa, safari izidi saa tisa. Voi haifiki hata nusu yake. Kwa hivyo Nuru na Mwanaisha wamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, na ndo nilitaka hiyo kadi ya nne. Waulize darasa: kwa nini dini moja imepima umbali na nyingine ikapima muda, na wote wawili wanajaribu kumkinga nani na kitu gani? Hilo swali mi nimeona linaamsha hata wale wa nyuma.

Baada ya kisa ndo maswali ya majadiliano. Mtihani wa swali ni mdogo: je, mtoto anaweza kulijibu vizuri bila kusema chochote kuhusu tumbo lake mwenyewe? Kama hawezi, libadilishe. "Wewe unafunga kwa nini?" linakuwa "Mtu wa imani hii angemwelezaje rafiki yake kwa nini anafunga?" "Nani aliwahi kuvunja funga?" litupe kabisa. "Funga gani ni ngumu kuliko zote?" nalo tupa, kwa sababu hilo linageuka mashindano ya yetu ngumu kuliko yenu, na hapo watoto wa ekadashi na Kwaresima wanaambiwa nyinyi mnacheza tu. Badala yake uliza "Kuna funga ya kuacha kila kitu kwa saa chache na kuna funga ya kuacha kitu kimoja kwa siku nyingi, kila moja inamdai nini anayefunga?"

Mengine ninayoyapenda: Kwa nini dini nyingi zinamwambia mgonjwa ale, wakati mgonjwa mwenyewe mara nyingi anataka kufunga? Kwa nini Biblia kwenye Mathayo 6 inasema ukifunga usikunje uso ili watu wakuone, na Qurani kwenye sura ya pili aya ya 185 ikasema Mungu anawatakia wepesi, je aya hizo mbili zinatufundisha nini kuhusu kumuuliza mtu kama kafunga? Ukiwa hufungi na unakaa na anayefunga, adabu ni ipi, na anayefunga naye ana adabu gani kwa anayekula? Hilo la mwisho liulize pande zote mbili, si upande mmoja, maana huku kwetu tumezoea kumfunza adabu asiyefunga peke yake.

Utajuaje somo limeharibika? Ishara ya kwanza ni pale sentensi zinapoanza na "sisi" na "nyinyi". Simama hapo, warudishe kwa Kadzo na Jayesh. Ishara ya pili ni mahubiri, mtoto anasimama na aya baada ya aya, mshukuru umuulize aya yake inajibu lipi kati ya yale maswali manne ya kwenye kadi. Ya tatu ni daktari wa darasa, yule anayesema kufunga kunatibu kisukari au vidonda vya tumbo. Hilo likatae waziwazi, mwenye kisukari anayetumia sindano akifunga bila kuongea na daktari wake sukari inaweza kushuka vibaya, na hapo una watoto ambao wanaweza kulibeba neno lako mpaka nyumbani. Ya nne ni ukimya wa wasichana ghafla mnapofika kwenye hedhi kwenye kadi. Usiliruke hilo neno, lisome kwa sauti ile ile uliyosomea "msafiri" na "mgonjwa", usitabasamu, usiongeze kitu, endelea na lifuatalo. Mvulana akicheka muulize tu mwenye hedhi yuko nafasi ya ngapi kwenye orodha ya udhuru, ahesabu.

Yale maswali ya kwenye boksi yachambue nyumbani usiku kabla ya kipindi cha pili. Ya sheria ya dini yapeleke kwa maalim, kwa katekista au kwa mzee wa hekaluni, mmoja mmoja pembeni, sikushauri uwaite wote darasani pamoja, watashindana. Ukikuta kikaratasi kimeandikwa kitu kama "nikiwa sijala siku mbili ni funga?" hicho usikisome darasani, mtafute mwalimu wa ushauri siku hiyo hiyo.

Wazazi waandikie barua fupi wiki moja kabla, mistari minne, useme ni somo la kujua wala si la kuabudu na kwamba hakuna mtoto atakayeulizwa kama anafunga. Na kuhusu kugongana, mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na Ramadhani ikaingia wiki hiyo hiyo, 2027 bado zitakuwa pamoja, lakini Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka na Pasaka ya 2028 iko mbali, 16 Aprili, kwa hivyo mwaka huo zitakuwa zimeachana. Kisa cha basi la Voi utakibadilisha hapo, umtoe Mwanaisha kwenye Ramadhani umweke kwenye funga ya kulipa deni, ambayo ina maswali yake mengine kabisa.